UZI: Roboti inatuma oda kabla bei haijafika?! Nisaidieni kupima ucheleweshaji (MT5)

MtegaBei
Wakuu, habari za mchana. Nina roboti mbili kwenye MT5, zote EURUSD, zinakaa kwenye kompyuta yangu hapa Dar. Ya kwanza inatazama chati ya dakika moja: bei ikivunja kilele cha mishumaa 20 iliyopita, inanunua papo hapo. Ya pili ni ya saa moja moja, mistari miwili ya wastani ikikatana inasubiri mshumaa ufunge kisha inaingia.

Hii ya kwanza kwenye majaribio ya nyuma inatoa faida nzuri, kwenye akaunti halisi inatembea kama mgonjwa. Nikahisi inachelewa. Nikaweka mstari huu kabla ya kutuma oda:

```
long d = (long)TimeLocal()*1000 - k.time_msc;
```

Jibu la kwanza likaja 3599588, yaani karibu saa nzima! Nikakumbuka seva ya broka iko GMT+2 wakati huu wa baridi na sisi tuko +3 mwaka mzima, nikatoa saa moja. Sasa napata -412, halafu 90, halafu -655. Yaani milisekunde 655 *kabla* ya bei kufika oda imeshaondoka. Roboti imekuwa mganga wa kienyeji au mimi ndiye sijui hesabu?

Mzee wa Pipsi
Kijana, unajitesa bure. Ucheleweshaji ni pingi tu. Angalia pale chini kulia mwa terminal, utaona namba. Ukiwa Dar utakuta 150 mpaka 200. Nunua VPS ya London, pingi itashuka mpaka 2, mchezo umekwisha. Mimi tangu nihamie huko sijapima kitu.

Nahodha_wa_Tiki
Mzee wa Pipsi ana nusu ya jibu, nitamrudia. Kwanza hizo namba hasi.

MtegaBei, umechukua saa mbili tofauti ukatoa moja kwenye nyingine. `time_msc` ni saa ya seva ya broka, `TimeLocal()` ni saa ya kompyuta yako. Hakuna aliyezikalisha pamoja zikakubaliana. Tena `TimeLocal()` haina milisekunde, inahesabu sekunde nzima tu, kwa hiyo ikiwa sasa ni sekunde 14 na milisekunde 900, yenyewe inakwambia 14. Hapo tayari umepoteza 900. Ndiyo maana unapata hasi. Bahati yako umeanza wakati wa baridi. Ungeanza mwezi wa saba, seva nyingi zikiwa GMT+3 kama sisi, ungeona namba ndogo zinazofanana na ukweli ukaziamini.

Swali lako ni muda kati ya tukio la bei na oda kutoka. Likate vipande viwili. Kipande ulicho nacho mikononi ni kuanzia `OnTick` inapoamka mpaka unapoita `OrderSend`. Hicho hakihitaji saa ya ukutani, kinahitaji saa ya kuhesabia tu, inayohesabu muda tangu roboti iwashwe:

```
void OnTick()
{
   ulong t0 = GetMicrosecondCount();
   MqlTick k;
   if(!SymbolInfoTick(_Symbol, k)) return;
   if(!Ishara(k)) return;
   // req imeshajazwa
   ulong t1 = GetMicrosecondCount();
   bool ok = OrderSend(req, res);
   ulong t2 = GetMicrosecondCount();
   PrintFormat("%I64d;%I64u;%I64u;%.5f;%.5f",
      k.time_msc, t1-t0, t2-t1, k.ask, res.price);
}
```

t1-t0 ni wewe. t2-t1 ni safari ya kwenda kwa broka na kurudi pamoja na muda wake wa kujaza, kwa sababu `OrderSend` inasimama pale mpaka ijibiwe. Kuandika kwenye jono, yaani daftari la kumbukumbu la MT5, nimekuweka mwisho makusudi, ukikuweka katikati utakuwa unapima uandishi wako mwenyewe. Na `res.price` ikija sifuri, usishtuke, kwa baadhi ya broka bei halisi inabidi uichukue baadaye kwenye historia ya dili.

Endesha siku mbili tatu, ulete namba.

Saada_Exchange
Mimi ya kwangu imechelewa siku tatu. Broka anasema imetumwa, benki inasema haijaona kitu. Mnapimaje hiyo?

Mzee wa Pipsi
Dada Saada, hapa wanazungumzia milisekunde, si kutoa pesa 😂 Ila pole. Fungua uzi wako, hilo ni kubwa kuliko hili.

MtegaBei
Nimerudi. Siku nne, ishara 86 za roboti ya kuvunja kilele.

t1-t0: ya katikati ni mikrosekunde 600, yaani hata milisekunde moja haifiki. Mbaya kuliko zote ilikuwa milisekunde 38. t2-t1: ya katikati milisekunde 214.

Kwa hiyo roboti yangu haina kosa? Mzee alikuwa sahihi, ni safari tu?

Nahodha_wa_Tiki
Usiifungie kesi bado. t0 inaanza pale `OnTick` *inapoamka*. Kama tiki imefika mlangoni ikakaa nusu sekunde ikisubiri kufunguliwa, kipimo hiki hakioni kitu. Kitakwambia nimefanya kazi kwa 0.6, nayo ni kweli, kama karani anayekuhudumia kwa dakika mbili baada ya wewe kupanga foleni kwa muda wa saa mbili.

Foleni hiyo ndani ya MT5 inatoka sehemu mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza: wakati roboti iko ndani ya `OnTick`, tiki mpya hazipangwi moja moja. Ikiwa tukio moja la tiki limeshakaa kwenye foleni, mengine hayaongezwi. Ukisimama 214 kwenye `OrderSend`, tiki zilizopita hapo katikati roboti haitaziona, itaona ya mwisho tu. Ya pili ndiyo inaua watu kimyakimya: indiketa zote za alama moja zinafanya kazi kwenye njia moja, hata zikiwa kwenye chati tofauti, na tiki za alama hiyo zinashughulikiwa kwenye njia hiyohiyo. Indiketa moja nzito ya EURUSD kwenye chati uliyoisahau inachelewesha kila kitu cha EURUSD.

Una indiketa ngapi za EURUSD zimefunguliwa?

MtegaBei
Kwenye chati ya roboti hakuna. Ila nina chati nyingine mbili za EURUSD za kuangalia kwa macho, moja ina ile indiketa ya mawimbi niliyopewa kwenye kundi la Telegram. Hiyo nayo inahusika? Haina hata uhusiano na roboti.

Nahodha_wa_Tiki
Inahusika. Usiitoe kwanza, ipime ukiwa nayo, vinginevyo hutajua kama ndiyo mwizi.

Namna ya kuiona foleni bila kulinganisha saa: kwenye kila tiki, si za ishara tu, andika

```
(long)(GetMicrosecondCount()/1000) - k.time_msc
```

Namba itakayotoka haina maana yoyote, ni kubwa na ya ajabu, kwa sababu saa moja ilianza kuhesabu ulipowasha roboti na nyingine tangu 1970. Lakini tofauti hiyo ingekuwa ileile daima kama kila tiki ingefika kwa muda uleule. Chukua kila dakika moja, tafuta namba ndogo kuliko zote ndani ya dakika hiyo, iite sakafu. Kila tiki itoe sakafu ya dakika yake. Kinachobaki ni muda wa ziada ambao tiki hiyo ilitumia njiani au kwenye foleni kuliko tiki iliyobahatika.

Usichukue saa nzima kama dirisha. Saa za kompyuta huachana polepole, mikrosekunde 20 kwa kila sekunde ni jambo la kawaida, na kwa saa moja hiyo ni milisekunde 72 za uongo. Kwa dakika moja ni kama 1, inavumilika.

Kikomo cha njia hii: haikupi safari yenyewe ya chini kabisa, ile ambayo hata tiki iliyobahatika inalipa. Hiyo utaikadiria kwa nusu ya pingi, ukikubali kwamba njia ya kwenda na ya kurudi zinafanana, jambo ambalo si lazima.

Juma_Kisauni
Nawasoma kutoka Mombasa. Mimi natumia roboti ya kripto kwa Python, sio MT5. Kwangu nilitumia `time.time()` mwanzo na mwisho, nikaona siku moja oda "ilichukua" -1.2 sekunde. Ilikuwa kompyuta imejirekebisha saa katikati. Nikabadilisha nikaweka `time.perf_counter_ns()`, ikatulia. Kwa hivyo hiyo ya saa ya ukutani naiunga mkono.

Lakini nina swali: bei zenyewe zikija zimechelewa kutoka soko, `time_msc` inawekwa na nani? Seva ya broka ama benki inayompa bei?

Nahodha_wa_Tiki
Juma, kwa hali ya fedha za kigeni unayoiona ni ya upande wa seva ya broka. Kilichotokea kabla ya hapo, bei ikitoka kwa mtoa ukwasi kuja kwa broka, sisi wa akaunti ndogo hatukioni. Unaweza kufungua terminal mbili za broka wawili uone nani anasogea kwanza, ila hapo umerudi kwenye ugonjwa wa saa mbili.

MtegaBei
Wakuu, nimekaa vibaya. Siku tatu za tiki zote.

Tiki nyingi zina ziada ya milisekunde 3 mpaka 5. Lakini kuna makundi ya tiki zenye ziada ya 400 mpaka 900! Na hayaji ovyo: yanakuja pale tiki zinapokuwa nyingi, London ikifungua na New York ikifungua. Yaani *hasa* pale roboti ya kuvunja kilele inapopata ishara. Katika ishara 61, 17 zilikuwa ndani ya makundi hayo.

Nikaifungua indiketa ya mawimbi. Kitanzi chake kinaanza mshumaa wa kwanza wa historia mpaka wa mwisho, kila tiki. `prev_calculated` imetajwa kwenye kichwa cha `OnCalculate` halafu haijatumika popote.

Nimeitoa juzi jioni. Jana nzima: ziada ya juu kabisa milisekunde 9.

Mzee wa Pipsi
Hee. Na ungehamia VPS ungehama nayo.

Nahodha_wa_Tiki
Mzee umesema mwenyewe. VPS ya bei rahisi mara nyingi ina kiini kimoja cha prosesa, ile indiketa ingekula zaidi kuliko kwenye kompyuta ya nyumbani, na pingi ingeendelea kuonyesha 2 ya kupendeza.

Ila sasa nusu yako ya ukweli, mzee: iliyobaki kwa MtegaBei ni safari. Dar mpaka London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya milisekunde 75 hata ungekuwa na kebo ya peke yako. Kebo zenyewe zinazunguka Bahari ya Shamu, na njiani kuna vituo. Pingi ya 160 au 170 ni ya kawaida, hakuna msimbo utakaoiondoa.

Sasa ndiyo linakuja swali ambalo ungeanza nalo: inakugharimu nini?

MtegaBei
Si ndiyo nauliza. Milisekunde 200 ni nyingi au kidogo?

Nahodha_wa_Tiki
Haijibiki hivyo. Inategemea bei inafanya nini *baada ya ishara yako*. Ikiwa EURUSD kwa siku ya kawaida inahama kama pipsi 50, kwa kutembea ovyo ovyo hiyo ni kama pipsi 0.17 kwa sekunde moja, na kama 0.08 kwa milisekunde 200. Kama ishara yako haina habari yoyote juu ya hizo milisekunde 200 zinazofuata, nusu ya mara bei itasogea kukuumiza na nusu kukusaidia, mwisho wa mwezi inafutana. Lakini ishara ya kuvunja kilele inasema "bei inakimbia juu". Ukiwa sahihi, inakimbia juu ukiwa bado njiani. Hapo hakuna kufutana, unalipa kila mara, na unalipa zaidi kwenye oda nzuri.

Huna haja ya kubishana nami. Chukua kila ishara kwenye jono lako, tumia `CopyTicksRange` kuvuta tiki za sekunde mbili zilizofuata, uone ask ilikuwa ngapi baada ya milisekunde 50, 100, 200, 500 na 1000 kwa saa ya seva. Hapa saa ni moja tu, ya broka, kwa hiyo hakuna ugomvi. Fanya kwa roboti zote mbili.

MtegaBei
Imenichukua wiki, samahani. Nimeunganisha na ishara za zamani, jumla 212 za kuvunja kilele kwa wiki mbili za kazi. Wastani wa pipsi ambazo ask imepanda kutoka pale ishara ilipotokea:

50 ms → 0.08
100 ms → 0.15
200 ms → 0.26
500 ms → 0.34
1000 ms → 0.35

Nikalinganisha na bei nilizojaziwa kweli, baada ya kutoa indiketa: wastani 0.28 juu ya ask ya ishara. Inaendana! Na faida yangu ya karatasi kwa oda baada ya spredi ilikuwa kama 0.5. Kumbe zaidi ya nusu inaachwa baharini.

Roboti ya saa moja moja: oda 19 tu, baada ya 200 ms wastani ni 0.01, baada ya sekunde nzima ni -0.03. Hakuna kitu.

Nahodha_wa_Tiki
19 ni chache, sitaapa juu yake, ila ndivyo ningetegemea. Roboti hiyo tukio lake ni mshumaa kufunga, na mshumaa mpya haufunguki mpaka tiki ya kwanza ije, ambayo saa za usiku inaweza kuchukua sekunde kadhaa. Kabla ya hapo mistari ilikatana pengine dakika 40 zilizopita ikasubiri. Kuhangaika na 200 ms hapo ni kupiga deki sebule huku paa linavuja. Tena ishara ikidondokea saa sita usiku ya seva, spredi inakuwa imefunuka, ningeichelewesha *kwa makusudi* dakika kadhaa.

Ya kuvunja kilele, tazama umbo la namba zako. Kutoka 500 mpaka 1000 hakuna kinachoongezeka, mbio zimekwisha. Uzito uko ndani ya 200 za kwanza. Maana yake kushuka kutoka 900 mpaka 500 kusingekusaidia kitu, kushuka kutoka 200 mpaka 50 kunakusaidia 0.18.

MtegaBei
Ishara 212 kwa wiki mbili ni kama 21 kwa siku, kama 460 kwa mwezi. Mara 0.18... pipsi 83 au 84. Kwa loti 0.10 pipsi ni dola moja, hiyo ni dola 84. VPS nimeona ya dola 15.

Juma_Kisauni
Na kwa loti 0.01 ni dola 8. VPS inakula yote na deni juu. Wengi wetu hapa tuko 0.01.

Mzee wa Pipsi
Mimi niko 0.01 na VPS ya dola 20 tangu mwaka juzi. Naomba mada ibadilishwe.

Nahodha_wa_Tiki
😂 Mzee, yako ni ya umeme kukatika, hilo nalo lina bei yake. Roboti iliyozimika ina ucheleweshaji wa saa nne.

Angalizo moja kwa MtegaBei: 0.18 ni wastani wa wiki mbili hizi. Kuna Ijumaa ya ajira za Marekani ndani yake?

MtegaBei
Hapana, siku hiyo huwa nazima saa kumi kamili jioni, habari zinatoka saa kumi na nusu. Niliwahi kuiacha ikajaziwa pipsi 6 juu.

Nahodha_wa_Tiki
Endelea kuzima. Pale hata ungekaa chumba kimoja na seva, spredi yenyewe inakumaliza, na bei unayoiona inaweza isiwe na mtu nyuma yake.

MtegaBei
Mrejesho wa mwisho kwa leo. Nimehamia VPS ya London Jumatatu. Viini viwili, chati moja, hakuna indiketa. Pingi 2. t1-t0 ya katikati mikrosekunde 700, yaani prosesa yao ni dhaifu kidogo kuliko yangu, haina neno. Ziada ya foleni chini ya 6.

Lakini t2-t1 ni 47! Kwa pingi ya 2. Nikarudi kwenye jono la Dar: pingi ilikuwa 168, t2-t1 214, tofauti 46. Kumbe hizo 46 zilikuwepo tangu mwanzo na hazihusiani na umbali.

Mzee wa Pipsi
Anakushikilia huyo. Anaangalia bei inaendaje ndipo akujaze. Nilishasema mabroka wote ni ndugu.

Nahodha_wa_Tiki
Namba zinaonyesha kwamba hizo 46 zinatumika kwake. Hazionyeshi kwa nini. Inaweza kuwa oda inapita kwenye daraja kwenda kwa mtoa ukwasi na kurudi, inaweza kuwa anasubiri makusudi. Anayesubiri kwa hila angechelewesha oda zenye faida kuliko zenye hasara. Gawa t2-t1 mafungu mawili: ishara ambazo bei ilipanda ndani ya 50 ms, na ambazo ilishuka. Zikifanana, muache. Zikitofautiana, mzee atatununulia soda.

MtegaBei
Kwa siku tatu nina 41 na 20. Wastani 48 na 45.

Mzee wa Pipsi
48 ni kubwa kuliko 45.

Nahodha_wa_Tiki
Kwa ishara 61 hiyo 3 si kitu. Kusanya mwezi mzima, urudi.

Saada_Exchange
Pesa yangu iliingia mwishowe. Siku tano na saa mbili.